Mikanda kwenye ngozi laini: kwa nini picha ya uso isafishwe kwa biti 16

Bibi harusi alikuwa amekaa kando ya dirisha, mwanga ukimwangukia shavu la kushoto, na lile la kulia likizama taratibu kwenye kivuli hadi sikioni. Nilimsafisha ngozi jioni nzima. Kwenye laptopu ilionekana laini kabisa, nikaituma ikachapwa kwa sentimita 60 kwa 90. Mama yake alipoipokea aliisogelea, akaweka kidole kwenye lile shavu la kivulini, akaniuliza, "Mwanangu, hapa pana nini? Mbona kama maji yamekaukia ukutani?"

Alikuwa ameona sawasawa. Kutoka puani hadi sikioni palikuwa na mikanda iliyopangana, kila mmoja mweusi kidogo kuliko uliotangulia, na kingo zake zikionekana wazi. Mmoja ulielekea wekundu, wa pili ukijani. Mashine ya kuchapa haikuwa na kosa lolote. Faili niliyotuma ilikuwa na mikanda tayari, na niliitengeneza mwenyewe kwa kusafisha ngozi ndani ya faili ya biti 8.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja: picha ya uso, ngozi nyeusi au ya kahawia, mwanga wa upande mmoja, na kivuli kinachofifia polepole. Ngozi zetu zinahitaji uangalifu zaidi hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya uso hukaa kwenye namba za chini za mwanga, na namba hizo ndizo tunazozivuta juu tunapoangaza picha.

Kinachotokea ndani ya shavu

Faili ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Zinaonekana nyingi mpaka uzihesabu pale unapofanya kazi. Kwenye picha ile, chaneli nyekundu ilikuwa 56 karibu na pua na 40 karibu na sikio. Kati ya sehemu hizo mbili palikuwa na pikseli 640. Kwa hiyo kivuli chote cha shavu kilikuwa na ngazi 16 tu za kushukia, na kila ngazi ilibeba upana wa pikseli 40. Picha ya pikseli 6000 ikichapwa kwa sentimita 90, pikseli 40 ni milimita 6. Upana huo unaonekana hata na mtu aliyekaa kwenye kochi.

Sasa, picha ile ilipotoka kwenye kamera haikuwa na mikanda, ingawa ngazi zilikuwa zilezile 16. Kilichoificha ni punje. Kila kamera huacha chembechembe kwenye kivuli, na pale namba inapotoka 48 kwenda 47, mpaka hauwi mstari. Unakuta pikseli za 48 zimechanganyika na za 47, hata 46 na 49 zimo, kama mchanga wa rangi mbili uliomwagwa pamoja. Jicho halioni ngazi, linaona mteremko.

Kisha nikaja na blari. Blari huchukua pikseli nyingi jirani na kutafuta wastani wake. Wastani wa kweli ungekuwa 47.6, halafu 47.5, halafu 47.4, mteremko safi kabisa. Lakini faili ya biti 8 haina pa kuandika 47.6. Inaandika 48. Na 47.4 inaiandika 47. Mchanga umefagiwa, na mahali pake pamebaki ngazi mbili zenye ukingo mmoja ulionyooka. Ngozi inavyozidi kulainishwa, ndivyo mikanda inavyozidi kujitokeza, na ndiyo maana tatizo hili huwapata zaidi wale wanaosafisha kwa bidii.

Hatua moja kati ya ngazi na ngazi bado ni ndogo mno kwa macho mengi. Iliyoharibu kazi ni ile kavu, yaani leya ya `Curves`, niliyoweka baadaye ili kulifungua shavu kivulini. Ilichukua 40 ikaipeleka 70, na 56 ikaipeleka 118. Sasa tofauti ya 48 ilitakiwa ijazwe na ngazi zilezile 16, kwa hiyo kila mkanda ukaruka namba 3 kwa mpigo. Hapo ndipo mama yake alipoweka kidole.

Rangi ya kijani na nyekundu nayo ina maelezo yake. Kwenye ngozi ya kahawia chaneli tatu hazishuki sawa. Nyekundu ilipokuwa ikishuka ngazi 16, kijani ilishuka kama 10 na buluu kama 7, na hazikushuka mahali pamoja. Mahali nyekundu imeshashuka na kijani bado, ngozi inaelekea ukijani. Kijani nayo ikishashuka, ngozi inarudi kwenye wekundu. Ukiona mikanda ya rangi mbili inayopokezana kwenye shavu, usihangaike na mizani ya weupe. Chanzo ni ngazi.

Biti 16 hutoa nafasi ya kuandika zile 47.6 na 47.4. Kwa hesabu ya kawaida ni ngazi 65,536. Photoshop yenyewe inatumia 0 hadi 32,768 ndani ya hali hiyo, nazo zinatosha sana: kati ya 40 na 56 za kwenye biti 8, Photoshop ya biti 16 ina zaidi ya ngazi 2,000. Kwenye shavu la pikseli 640, kila pikseli inaweza kuwa na namba yake. Kavu ikivuta mara 3, bado pana namba za kutosha kujaza kila ngazi ya matokeo.

Kwanza hakikisha mikanda iko kwenye faili

Kabla ya kurekebisha chochote, jua kama unachokiona kipo kwenye picha au kwenye skrini. Laptopu nyingi za bei nafuu zina paneli ya biti 6 inayoigiza biti 8, na kivuli laini huonyesha mikanda hata kama faili ni safi. Pia picha ikiwa imepunguzwa, tuseme 33% au 50%, Photoshop inakuonyesha hesabu ya haraka ambayo wakati mwingine ina mikanda isiyokuwepo. Weka 100% ndipo uamue.

Kisha soma namba. Fungua paneli ya `Info`, bofya kialama cha kidude cha kuvutia rangi kilicho ndani yake, na uchague `16-bit` kama faili ni ya biti 16. Pitisha kielekezi polepole kutoka sehemu angavu ya shavu kwenda gizani. Namba zikishuka kidogo kidogo kila unaposogea, faili ni nzima na macho yako yanadanganywa na skrini. Zikikaa palepale kwa muda mrefu halafu zikaruka zote pamoja, mikanda ni ya kweli.

Njia ninayoitumia kila siku ni leya ya ukaguzi. Weka leya ya `Curves` juu ya leya zote, iite Kagua, halafu sogeza ncha ya chini hadi `Input` 30 na ncha ya juu hadi `Input` 70. Leya hiyo inavuta kivuli zaidi ya mara 6, na kila kilichojificha kinatoka. Uso utatisha, usijali. Angalia kingo tu. Kingo ikiwa ya kichangachanga, imemeguka-meguka, hiyo ni punje na ni afya. Kingo ikiwa mstari mrefu kama mchoro wa milima kwenye ramani, hapo pana mkanda. Badilisha namba za 30 na 70 kulingana na ngozi unayokagua, cha muhimu zizunguke namba za eneo lenye wasiwasi. Izime unapoendelea na kazi, na uifute kabla ya kutoa picha.

Hatua ya 1: anza na biti 16 tangu mlangoni

Kamera inaporekodi RAW inaandika biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384. JPEG ya kamera ina biti 8 tu, na zile nyingine zilishatupwa kabla hujaigusa. Kwa hiyo picha ya uso utakayoisafisha kwa kina ipigwe RAW.

Halafu hakikisha hizo biti hazipotei njiani. Kwenye Camera Raw, chini ya picha kuna mstari wenye jina la nafasi ya rangi na idadi ya biti. Ubofye, na kwenye `Depth` chagua `16 Bits/Channel`. Kwenye Lightroom Classic nenda `Preferences`, kisha `External Editing`, na kwenye `Bit Depth` weka `16 bits/component`. Mpangilio huu unakaa, hutaurudia kila siku, ila kompyuta ikibadilishwa au programu ikiwekwa upya, rudi uangalie.

Mfunguo mkubwa wa kivuli ufanyie hapohapo kwenye RAW. Kama unajua shavu litahitaji kuangazwa, liangaze kabla hujalifikisha kwenye leya. Punje za asili bado zipo, ngazi bado ni nyingi, na ukifika kwenye Photoshop utabakiwa na marekebisho madogo.

Ukiwa umeshafungua faili, kichwa cha dirisha kinakuambia. Kama kimeandikwa `RGB/8`, uko mahali pabaya. Kama ni `RGB/16`, endelea.

Anayetumia GIMP ana uwezo huu tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018. Nenda `Image`, `Precision`, na uchague `16 bit integer` au `32 bit floating point`. RAW zifunguliwe kwa darktable au RawTherapee, zote za bure, na zitolewe kama TIFF ya biti 16.

Hatua ya 2: tenganisha mwonekano na rangi kwa namba za biti 16

Wasafishaji wengi hutenganisha picha kuwa leya mbili: ya chini yenye rangi na kivuli vilivyotiwa blari, na ya juu yenye vinyweleo na punje. Njia hii ni nzuri, lakini ina mtego ambao nimeona watu wengi wakiingia, nami nikiwamo, kwa sababu namba zake za biti 8 na za biti 16 si sawa.

Nakili picha mara mbili. Ya chini iite Rangi, ya juu iite Ngozi. Zima Ngozi kwanza. Kwenye Rangi weka `Gaussian Blur`. Kwa picha ya megapikseli 24 ya kichwa na mabega mimi huanza na pikseli 8 hadi 12, nikiongeza mpaka vinyweleo vya ngozi vipotee lakini umbo la pua na midomo libaki. Washa Ngozi, iwe ndiyo leya iliyochaguliwa, nenda `Image`, `Apply Image`, na ujaze hivi:

```
Layer:    Rangi
Channel:  RGB
Invert:   imewekwa alama
Blending: Add
Scale:    2
Offset:   0
```

Bonyeza `OK`, kisha badilisha hali ya leya ya Ngozi iwe `Linear Light`. Picha inapaswa kurudi vilevile ilivyokuwa. Ukizima na kuwasha leya zote mbili na uone tofauti, kuna namba uliyokosea. Kwenye biti 8 njia ni nyingine: `Subtract`, `Scale` 2, `Offset` 128, bila `Invert`. Ukichukua namba hizo na kuzitia kwenye faili ya biti 16, picha hairudi sawasawa.

Tazama ile `Scale` 2, kwa sababu inaeleza nusu ya hasara. Inagawa tofauti ya kila pikseli kwa mbili ili iingie kwenye leya, halafu `Linear Light` inazidisha kwa mbili kuirudisha. Ndani ya biti 8, punje iliyokuwa tofauti ya 1 inagawanywa kuwa 0.5, ambayo haiandikiki, kwa hiyo inarudi ikiwa 0 au 2. Punje ndogo kabisa za kivuli, zile zilizokuwa zikificha ngazi, zinavurugwa kabla hujagusa brashi. Ndani ya biti 16 zinarudi kama zilivyokuwa.

Hatua ya 3: lainisha Rangi bila kuua punje

Kazi yote ya kuchanganya vivuli iwe kwenye leya ya Rangi. Zungushia doa au mpaka mkali wa kivuli kwa `Lasso` yenye `Feather` ya pikseli 30 hivi, kisha tia `Gaussian Blur` ya 20 hadi 30. Anayependa `Mixer Brush` aitumie kwenye leya hii tu. Leya ya Ngozi haiguswi na blari hata mara moja. Ukiitia blari ili kuondoa chunusi, umeondoa punje pamoja nayo, na shavu linabaki plastiki juu na chini. Chunusi iondolewe kwa `Clone Stamp` au `Healing Brush` inayochukua kipande cha ngozi ya jirani, ili pabaki vinyweleo.

Brashi dhaifu ndiyo inayoonyesha faida ya biti 16 waziwazi. Chukua rangi ya jirani yenye tofauti ya namba 20, pitisha kwa nguvu ya asilimia 2. Badiliko linalotakiwa ni 0.4. Kwa hesabu ya biti 8 hilo ni sifuri. Unapitisha tena na tena na hakuna kinachotokea, unaongeza nguvu, ghafla katikati ya brashi pana namba inayotosha na pembeni haitoshi, na unapata duara lenye ukingo. Wengi wetu tumelaumu tableti au kalamu yake kwa jambo hili. Ndani ya biti 16 ile 0.4 inaandikwa, ya pili inaongezwa juu yake, na baada ya mipitisho michache mteremko umejengeka.

Vilevile kwa maski. Ukingo wa maski uliofifishwa kwa upana mkubwa una ngazi zake, na ndani ya faili ya biti 8 maski nayo ni ya biti 8. Kwenye shavu lenye leya tatu au nne za marekebisho, kila moja ikiwa na maski pana, kila hesabu inazungushwa kwenda namba nzima kabla haijapewa leya inayofuata. Makosa madogo yanarundikana.

Kila baada ya dakika chache washa Kagua, tazama, izime. Inachukua sekunde mbili, na mkanda ukigunduliwa ukiwa umefanya kosa moja ni rahisi kurudi nyuma.

Hatua ya 4: kushuka kwenda biti 8 mwishoni, kwa mpangilio

JPEG haina zaidi ya biti 8, kwa hiyo siku ya kumkabidhi mteja lazima ushuke. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika katika dakika ya mwisho, na mpangilio wa hatua ndio unaoamua.

Hifadhi kwanza faili yenye leya zote kama PSD au TIFF ya biti 16. Hiyo ndiyo asili yako. Kisha tengeneza nakala na uunganishe leya zake kwa `Flatten Image` ukiwa bado kwenye biti 16. Usibadilishe kwenda biti 8 leya zikiwa bado zimeachana. Ukifanya hivyo, kila leya inashushwa peke yake, kisha kavu na maski zinapigwa hesabu upya ndani ya biti 8, na mikanda uliyoikwepa kwa saa tatu inarudi mbele yako. Leya zikiwa zimeungana, kuna kuzungusha namba mara moja tu.

Baada ya kuunganisha, punguza ukubwa wa picha kufikia ule utakaotumika. Ndipo uongeze punje: `Filter`, `Noise`, `Add Noise`, `Gaussian`, kiasi cha asilimia 0.5 hadi 1. Ngazi moja ya biti 8 ni kama asilimia 0.4, kwa hiyo kiasi hiki kinatosha kuchanganya pikseli za ngazi mbili jirani bila kuonekana kama uchafu. Ukiwa na alama kwenye `Monochromatic` punje zinafanana na za filamu. Bila alama hiyo kila chaneli inapata punje zake, na hii inazika vizuri zaidi ile mikanda ya kijani na wekundu. Punje zikitangulia kupunguza ukubwa, hazisaidii kitu, kwa sababu kupunguza ni kutafuta wastani, na wastani unazifagia.

Sasa geuza rangi kwenda sRGB kama picha inaenda kwenye simu au kwa mchapaji anayetaka sRGB, na ugeuzaji huo pia ufanyike ukiwa biti 16. Kama ulikuwa ukifanya kazi kwenye ProPhoto RGB, hatua hii ni ya lazima kabisa kabla ya kushuka. Nafasi ile ni pana sana, na ngazi 256 zikitandazwa juu yake zinakaa mbalimbali mno kwa ngozi.

Mwisho ni `Image`, `Mode`, `8 Bits/Channel`, halafu JPEG ya ubora wa 10 hadi 12 kwenye kipimo cha 12. JPEG hukata picha kwenye vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ubora ukishushwa, tofauti hafifu ndizo zinazotupwa kwanza. Punje zako ni tofauti hafifu. Ndiyo maana picha safi ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida inaweza kufika ikiwa na viraka kwenye shavu, kwani inabanwa upya. Itume kama hati, yaani `Document`, na inafika ilivyo.

Gharama ya biti 16 kwenye kompyuta ya kawaida

Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 yenye chaneli tatu ni megabaiti 72 kwa leya moja kamili kwenye biti 8, na 144 kwenye biti 16. Kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8, leya sita au saba kamili zinaanza kuilemea. Si lazima urudi biti 8. Tumia leya za marekebisho badala ya nakala kamili za picha, maana hizo hazibebi pikseli isipokuwa za maski. Kata picha kufikia fremu utakayotumia kabla ya kuanza. Picha mia mbili za ukumbini ambazo unazirekebisha rangi tu bila kulainisha ngozi zinaweza kubaki ndani ya Lightroom hadi zitoke kama JPEG, hazihitaji kupita njia hii yote. Mimi huitunza kwa picha kumi au kumi na tano za kwenye albamu na ile moja ya ukutani.

Kuna vichujio vichache, kama vile vya `Filter Gallery`, ambavyo havifanyi kazi kwenye biti 16 na vinaonekana vimefifia kwenye menyu. Kwa kusafisha ngozi huvihitaji.

Ukipewa JPEG iliyoshaharibika

Wakati mwingine mteja ana JPEG tu, na mikanda imo. Kuipeleka biti 16 peke yake hakurudishi kitu: ngazi 16 zinabaki 16, zimehamia tu kwenye jengo lenye vyumba vingi. Lakini vyumba vile vinaruhusu ujaze katikati, na hivyo ndivyo nilivyoiokoa picha ya yule bibi harusi, kwa kuwa RAW yake nilikuwa nimeshaifuta kwenye kadi.

PSD yenye leya bado nilikuwa nayo. Niliibadilisha kwenda biti 16, na Photoshop iliponiuliza kama iunganishe leya, nilikataa. Kavu ikapigwa hesabu upya kwa biti 16, na ukali wa mikanda ukapungua kidogo, ingawa chanzo chake kilikuwa kwenye leya ya Rangi. Nikanakili Rangi, nikatia `Gaussian Blur` ya pikseli 30, kiasi kinachokaribia upana wa mkanda wa pikseli 40, nikaificha yote kwa maski nyeusi na kuifungua kwa brashi laini kwenye shavu la kulia pekee, mbali na mstari wa taya na pembe ya mdomo. Blari ileile iliyoniharibia ndani ya biti 8 sasa iliandika 47.6 na 47.4 zake, na Kagua ikaonyesha mteremko mahali palipokuwa na ngazi. Juu yake nikatandaza leya ya kijivu cha asilimia 50 yenye punje za asilimia 2, hali ya `Soft Light`, kwenye eneo lilelile, kwa kuwa lilikuwa limebaki kavu mno likilinganishwa na paji la uso.

Kipande kimoja karibu na sikio hakikurudi. Pale chaneli ya buluu ilikuwa imeshagusa 0 kwenye eneo zima, na namba iliyofika sifuri haina jirani wa kuchanganywa naye. Nilikipaka kwa rangi ya shavu iliyo juu yake kwa brashi ya asilimia 3, polepole, nikakifuata na punje. Nilichapa upya kwa ukubwa uleule. Mama yake aliposogea tena na kidole chake, alikipitisha kutoka puani hadi sikioni bila kusimama popote.